Balbu za LED: ipi ununue na ipi uiache, kwa kuangalia picha

Picha ya boksi isikudanganye. Boksi linachapishwa popote, na mtu wa kughushi huanzia hapo hapo. Kabla hujatuma hela kwa muuzaji wa mtandaoni, mwombe picha mbili: maandishi ya shingoni, pale juu ya kitako, na balbu iliyotolewa kifuniko cheupe. Muuzaji wa jumla hakosi balbu moja iliyoungua ya kufungua. Akikutumia tena picha ya boksi, tafuta duka jingine.

Tuchukue balbu ya 9W. Shingoni utakuta jina la mtengenezaji, namba ya modeli, volti, hezi, wati, na mara nyingi mkondo kwa mA. Kwenye mA ndiko waghushi wengi wanakojisahau. Zidisha volti kwa mkondo: jibu haliwezi kuwa dogo kuliko wati. Tuseme imeandikwa "9W 220-240V 25mA". 25mA ni ampea 0.025, kwa hiyo 240 × 0.025 ni 6. Kinachovuta 6 hakiwezi kuwa cha 9W, hata kiwe na jina gani. Balbu ya 9W ya kweli huandikwa kuanzia karibu 40mA, na zipo halali zinazofika 70 au 80. Kwa hiyo mkondo mkubwa usikutie shaka. Mdogo mno ndio wa kukimbia.

Sasa picha ya ndani, na hapa ndipo ninapozipanga.

Ya kwanza ni yenye draiva yake peke yake. Chini ya sahani ya LED kuna kibao kidogo kilichozama shingoni, chenye koili, aisii, na kapasita za mviringo, mojawapo ikiwa imeandikwa 105°C. Nyaya mbili zinapanda kutoka kibaoni hadi kwenye sahani. Draiva ya namna hii hushikilia mkondo ule ule hata umeme ukipanda na kushuka, kwa hiyo mitaani kwetu ndiyo inayodumu. Tazama pia kama sahani imekaa juu ya kikombe cha alumini. Ikiwa imeshikiliwa na plastiki tupu, joto halina pa kwenda na LED zitaanza kuwa nyeusi moja moja.

Ya pili ni ile ambayo vifaa vyote vimepangwa juu ya sahani moja na LED: daraja la dayodi, aisii ndogo, rezista mbili tatu, basi. Mafundi wengine huiita feki hapo hapo, nami sikubaliani nao. Makampuni halali yanaitengeneza hivyo kupunguza bei. Kama volti, mkondo na wati za shingoni zinakubaliana na ina kapasita ya kutuliza mwanga, inatosha kwa korido na choo. Isipokuwa na kapasita, mwanga hutetema mara 100 kwa sekunde. Kamera ya simu huonyesha mistari myeusi inayopita.

Ya tatu ni balbu isiyo na jina kubwa inayokiri kuwa ni ya 5W. Mwanga wake mdogo, lakini umepata ulicholipia.

Ya mwisho ni yenye jina maarufu, "9W" shingoni, na ndani sahani nyembamba isiyo na kikombe cha alumini. Unalipa bei ya jina na kupeleka nyumbani 4W au 5W. Ikifika mkononi, sugua maandishi kwa kitambaa chenye maji kwa sekunde 15. Yakifutika, hayo si maandishi ya kiwanda makini. Ila usiiwashe balbu iliyofunguliwa: sahani ile mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Wati zenyewe unaweza kuzipima kwa mita yako, iwe ya LUKU au ya tokeni. Zima kila kitu, friji na king'amuzi pia, kisha washa balbu nne za aina moja. Usipime moja tu, kwa sababu mkondo wake ni mdogo na mita nyingine hazianzi kuhesabu. Kwenye mita kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake mara nyingi pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani hupepesa mara 1000 kwa kila uniti moja. Balbu nne za 9W ni 36W, kwa hiyo taa itapepesa kila baada ya sekunde 100. Ukihesabu 200, kila balbu ina 4.5W. Mita ikiandikwa 1600, tarajia sekunde 62 hivi. Rekodi video ya mita pamoja na saa, piga picha ya shingo, kisha zipeleke dukani na risiti.