Tyubu ya dawa mbili au kichupa cha antibayotiki peke yake? Uchambuzi wa jeli ya chunusi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo narekodi nikiwa Mwanga, hapa Kigoma, na feni naiacha inaunguruma kwa sababu joto la leo halina mzaha. Mtavumilia.

Haya. Hii tyubu mnayoiona ni jeli ya chunusi yenye dawa mbili ndani yake: klindamaisini asilimia 1, ambayo ni antibayotiki, na benzoili peroksaidi asilimia 5. Na hiki kichupa hapa pembeni ni lotioni ya klindamaisini peke yake, asilimia 1 ileile. Mkija famasi wengi wenu mnaomba kichupa. Mnasema bei yake inavumilika, hakiwashi, hakiharibu nguo. Yote ni kweli, sibishi. Lakini mimi nawauzia kichupa kwa shingo upande, na leo nataka mjue kwa nini.

Chunusi inaanzia kwenye kitundu cha kinyweleo. Mafuta ya ngozi yanazidi, seli zilizokufa zinaziba mlango, na mle ndani kuna bakteria wanaoishi kwa kula hayo mafuta. Kila mtu anao, hata mwenye uso laini. Wakizidi mle kwenye kitundu kilichoziba, mwili unakuja juu, na hapo ndipo unapata kile kipele chekundu kinachouma, chenye kichwa cha usaha.

Sasa klindamaisini inamwingia bakteria na kushika mahali pamoja tu, kwenye ule mtambo wake wa kutengeneza protini. Ikishika, mtambo unasimama. Tatizo ni hapo kwenye "mahali pamoja". Bakteria ambaye vinasaba vyake vimebadilika kidogo sana mahali hapo, dawa haimshiki tena. Usoni pako wako wengi mno, na kati yao wanaweza kuwamo wachache wenye badiliko hilo hata kabla hujafungua kichupa. Ukipaka klindamaisini peke yake unaua wale dhaifu wote, halafu wale wachache wanabaki na chakula chote na nafasi yote. Wanazaana. Huo ndio usugu, na umeulea wewe mwenyewe kila jioni mbele ya kioo. Na mara nyingi bakteria aliyeikataa klindamaisini anaikataa na erithromaisini, kwa sababu dawa hizo mbili zinashika karibu palepale. Kwa hiyo ule mtindo wa "hii imegoma, nipe ile nyingine" haukufikishi mbali.

Benzoili peroksaidi haina mchezo wa kushika mahali pamoja. Ikiingia kwenye kitundu inavunjika na kuachia oksijeni kali inayomuunguza bakteria kila upande. Hakuna badiliko dogo la kumwokoa. Imetumika kwenye chunusi kwa miongo mingi, na bado haijaonekana kuzaa usugu. Wale wachache walioiponyoka klindamaisini wanakutana nayo hapohapo. Isitoshe, inasaidia kidogo kuzibua mlango wa kitundu, kazi ambayo antibayotiki haiwezi.

Kuna utafiti wa mwaka 2002 ulioziweka hizi mbili ana kwa ana kwa wiki 16. Kwa waliopaka klindamaisini tupu, bakteria sugu waliongezeka zaidi ya mara 16. Kwa waliopaka mchanganyiko, hawakuongezeka kupita walivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 haushauri kupaka antibayotiki peke yake kwa chunusi.

Niwape mfano unaofanana na wateja ninaowaona. Binti wa kidato cha tano, mama yake kamleta. Amepaka lotioni ya klindamaisini miezi minne. Mwezi wa kwanza na wa pili uso ulitulia, mama akafurahi. Mwezi wa tatu vipele vyenye usaha vikarudi mashavuni, na hajaacha kupaka hata siku moja. Mama anauliza, "Mwanangu, hii dawa si imechakachuliwa?" Namwambia hapana mama, shikamoo tena, hebu tuulizane kwanza. Dawa ilifanya kazi kisha ikaacha huku inapakwa vilevile: hapo nafikiria usugu. Angekuwa anapaka leo na kuruka kesho kutwa, ningeanza na hilo. Vingekuwa vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinawasha, vimejaa kwenye paji la uso, ningefikiria fangasi, na antibayotiki huizidisha. Na lazima niulize kama kuna ile krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, maana Kigoma yetu hii inapakwa kwenye kila kitu, na yenyewe inaotesha chunusi.

Kwa binti kama huyo tunaacha kichupa, tunaenda kwenye tyubu. Matumizi ni mara moja, jioni. Osha uso kwa sabuni laini, subiri ukauke kabisa, kisha toa jeli kiasi cha punje moja ya njegere. Hiyo inatosha uso mzima. Inapakwa eneo lote linalotoa chunusi, siyo kudonoa kipele kimojakimoja. Kaa mbali na macho, midomo na pembe za pua.

Wiki mbili za mwanzo itakauka, itababuka, itachoma kidogo. Kwa ngozi zetu hizi usijikaze kishujaa, kwa sababu ngozi ikiungua inaacha madoa meusi yanayokaa miezi. Paka siku moja, ruka moja, na mafuta ya kulainisha yasiyoziba vitundu. Ikivimba au ikitoa malengelenge, acha.

Halafu kitu ambacho hakuna anayekwambia dukani: inachujua rangi. Shuka, taulo, kanga unayofunika mto, kola ya sare ya shule, vyote vinapata mabaka meupe yasiyotoka. Lalia kitambaa cheupe.

Na joto. Jeli kama hii duka linatakiwa kuiweka kwenye friji kabla ya kukuuzia, na ukishaichukua ikae chini ya nyuzi 25, kisha utupe kilichobaki baada ya miezi miwili. Kwa Kigoma, chini ya nyuzi 25 mchana ni ndoto. Usiiweke dirishani wala kwenye gari. Ukiikuta imepangwa rafu inayopigwa jua, mwachie mwenye duka.

Wiki 12 zikifika, simama. Hapo uso ukiwa umetulia unaendelea na benzoili peroksaidi tupu au adapalini, dawa ya kupaka inayozuia vitundu kuziba, bila antibayotiki. Na kama bei ya tyubu inakushinda, nunua benzoili peroksaidi peke yake tangu mwanzo. Kwa chunusi nyepesi inatosha. Ukiwa tayari na kichupa cha klindamaisini nyumbani, paka benzoili asubuhi na klindamaisini jioni, umepata kazi ileile.

Nani asiinunue? Aliyewahi kupata mzio wa klindamaisini, na mwenye ugonjwa wa utumbo mpana au aliyewahi kuharisha vibaya kwa sababu ya antibayotiki. Ukiharisha sana au ukiona damu wakati unaitumia, acha na uende hospitali. Pia mwenye vidoti vyeusi na vyeupe tu, bila wekundu wala usaha, asipoteze hela yake, adapalini ndiyo yake. Na mwenye mabonge yanayouma chini ya ngozi asipoteze muda kwenye tyubu yoyote hapa mezani kwangu. Huyo amwone daktari, maana mabonge yale yanaacha makovu.