Amplifaya ya kutumia kwa betri ya sola: ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya kuacha

Ukiingia duka la vifaa vya muziki, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni wati zilizochapwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Herufi inayostahili kuangaliwa kabla ya wati ni ile ya daraja: A, B, AB au D. Hiyo ndiyo inayoamua betri yako itafika usiku wa manane au itazima kabla ya taarifa ya habari.

Mfano tutakaoutumia ni wa kawaida: kibanda au sebule yenye spika mbili za omu 4, na betri ya sola ya volti 12, Ah 50. Betri hiyo ina kama Wh 600, lakini ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Wh 300 za kuchezea.

Madaraja hutofautiana kwa kazi inayofanywa na transista za mwisho, zile zinazosukuma spika. Wimbi la sauti likizunguka mara moja, nusu ya juu na nusu ya chini, huhesabiwa nyuzi 360. Transista ya daraja A hupitisha umeme nyuzi zote 360, yaani hailali kamwe. Ya daraja B hupitisha nyuzi 180 tu: moja hubeba nusu ya juu, mwenzake hubeba ya chini. AB iko katikati, kila moja huvuka kidogo nyuzi 180. Sehemu hiyo ya mzunguko ndiyo pembe ya upitishaji, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo umeme mwingi unavyoishia kwenye joto.

Nafasi ya kwanza: daraja D

Hapa habari ya pembe haihusiki tena. Transista hufanya kazi kama swichi, huwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita huchuja mapigo hayo na kubakiza muziki. Swichi iliyofungwa haipotezi umeme, na iliyofunguka pia haipotezi, ndiyo maana kinadharia ufanisi wake ni asilimia 100. Madukani utapata 85 hadi 90 ukiifungulia sauti ya kutosha.

Bodi zinazopatikana kwa urahisi ni zile zenye chipu ya TPA3116D2. Huuzwa kama "50W + 50W", na si uongo, ila wati hizo hutoka kwenye volti 21. Kwa betri ya volti 12 hesabu inakuwa nyingine: volti 12 zikizidishwa kwa zenyewe ni 144, gawanya kwa mara mbili ya omu 4, unapata wati 18 kila upande kabla sauti haijaanza kukatika vilele. Toa upotevu mdogo wa ndani, weka 16. Kwa kibanda zinatosha sana. Ukizitaka zile 50, nunua pawa ya volti 21 au 24 yenye ampea za kutosha. Adapta ya volti 24, ampea 3 ni wati 72, kwa hiyo bodi yoyote iliyo nyuma yake haiwezi kutoa 100 mfululizo, hata boksi likisema 1000.

Jambo la kumkumbusha fundi: kwenye bodi hizi nyaya zote mbili za spika zina umeme. Usiunganishe nyaya nyeusi za spika mbili pamoja wala usizipeleke kwenye bodi ya gari, utaua chipu. Na ukiweka redio ya AM karibu nayo, inaweza kunguruma, isogeze mbali.

Nafasi ya pili: AB

Hii ndiyo iliyomo kwenye sabufa nyingi za zamani, zenye chipu kama TDA2030, na kwenye redio nyingi za magari. Ili kuielewa, anza na B tupu. Transista ya silikoni haiamki mpaka ipate kama volti 0.6. Basi wimbi linapopita sifuri, kuna kipande ambacho wa juu ameshaacha na wa chini hajaanza, kama wachukuzi wawili wanaoangusha gunia wakati wa kupokezana. Kipande hicho bapa ndicho upotofu wa kupokezana. Muziki ukiwa juu, wimbi la volti 16 halioni sana pengo la volti 0.6, ukiushusha usiku hadi volti 1, pengo hilo linakula zaidi ya nusu ya kimo cha wimbi. AB huziba pengo kwa kuziacha transista zote mbili zikipitisha umeme kidogo muda wote.

Upotofu huo unaujua dukani kwa sikio. Weka wimbo wenye noti moja inayofifia, mpigo wa ganuni au kinanda, kisha shusha sauti iwe ndogo kabisa. Ukisikia mkwaruzo mkavu unaokua noti inapokaribia kuisha, hizo transista hazijapewa umeme wa kuziamsha. Mkwaruzo unaotokea sauti ikiwa kubwa ni ugonjwa mwingine, hapo nguvu imeisha. Baada ya dakika ishirini bila muziki, gusa bati la kupozea la amplifaya ya transista: vuguvugu ni sawa, baridi kabisa pamoja na mkwaruzo ni dalili ya hitilafu ileile, na la kuunguza vidole lina umeme uliozidi na litaziua transista.

Ufanisi wa B hauwezi kuzidi asilimia 78.5, na AB iko chini yake kidogo. Lakini namba hiyo ni ya sauti iliyofunguliwa mwisho. Hushuka pamoja na sauti: wimbi likiwa nusu ya kimo chake, ufanisi nao ni nusu, kama 39. Muziki wa kawaida, hata ule unaogusa vilele, wastani wake ni kama moja ya nane ya nguvu yote, na hapo B hubaki na asilimia 28.

Sasa rudi kwenye betri. Nguvu ya juu ni wati 32 kwa spika zote mbili, wastani wati 4. AB itavuta kama 14 kwa muziki na mbili hivi za kukaa macho, jumla 16. Wh 300 zinakupa saa 18. D itavuta kama 6, saa 50. Kwa hiyo kama tayari una AB nzuri na husikilizi zaidi ya jioni, sioni haja ya kuitupa.

Nafasi ya tatu: A

Haina kupokezana, kwa hiyo haina mkwaruzo ule, na wapenzi wake hawakosei wanapoisifu kwa sauti ya chini. Bei yake ni umeme. Mpangilio wa transista moja yenye risista hauvuki asilimia 25, na ule bora wa transista mbili au transfoma hauvuki 50, tena kwa sauti ya mwisho tu. Ili kuweza kutoa wati 32 lazima ivute 64 muda wote, hata wimbo ukiwa umesimamishwa. Betri yetu isingedumu hata saa tano. Inunue kama umeme wa gridi haukukatikii na chumba kina feni.

Za kuacha

B tupu usinunue. Tofauti yake na AB ni vipuri vichache. Daraja C hupitisha chini ya nyuzi 180, ina ufanisi mzuri, lakini hukata wimbi vipande na kuliacha lirekebishwe na saketi iliyotuniwa kwenye masafa mamoja. Hiyo ni kazi ya mitambo ya kurushia matangazo ya redio. Muuzaji akikuambia amplifaya yake ya muziki ni daraja C, nenda duka la pili.