Mashine ya kufulia ya mlango juu: ajiteta au impela?

Fungua mfuniko uchungulie, ukiona mnara katikati ya pipa hiyo ni ajiteta, ukiona kisahani tu chini ni impela.

Ajiteta inataka maji mengi, nguo zielee kabisa, halafu ule mnara unazizungusha huku na huku unazisugua. Jinzi na ovaroli za tope zinatakata fasta, ila mtandio au sidiria ikijisokota pale kwenye mnara inavutwa mpaka kamba zinalegea, na taulo zinachakaa mapema.

Impela inatumia maji machache sana, nguo zinaloana tu na kusuguana zenyewe kwa zenyewe, so kitambaa hakiumii hivyo. Shida yake shuka, zinajifunga kama fundo na katikati panabaki pakavu na unga wa sabuni umeganda. Zipange kulegea pembeni ya pipa, usishindilie, na sabuni iwe ya povu dogo maana maji ya kusuuza ni kidogo, ukiona nguo inateleza mkononi rudia kusuuza.

Kama maji unanunua kwa boza mi nasema chukua impela, ovaroli ziloweke kwanza.