Stendi ya simu ya kunyonya kioo: nilivyoitumia barabara ya Mbeya–Tukuyu

Hii niliinunua Mwanjelwa kwa shilingi 25,000, ile yenye mpira mpana wa kunyonya kioo na mkono mfupi. Huwa narekodi video za safari ndani ya Noah, nikikaa kiti cha abiria mbele, na barabara ninayopita sana ni ya Uyole kwenda Tukuyu. Kwa bei hiyo inafaa, ila huku kwetu ina masharti yake.

Kinachoshikilia mpira kiooni ni hewa ya nje inayoukandamiza. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mshiko unapungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Ukipanda kuelekea Isyonje unapungua tena. Ongeza baridi ya asubuhi, mpira unakakamaa na kioo kina ukungu. Kabla ya kuondoka nafuta kioo na mpira kwa spiriti, nasubiri hita ipashe kioo, ndipo nakaza. Njiani natazama ukingo wa mpira: nikiona kipovu cha hewa kinatambaa kuelekea katikati, namwomba dereva asimame pembeni nikaze upya. Simu nimeifunga pia kamba fupi, maana ikidondoka penye kona inaweza kuishia kwenye miguu ya dereva, chini ya breki. Stendi yenyewe naiweka chini upande wa kushoto, isimzibe dereva wala isikae mbele ya mfuko wa hewa.

Mkono mfupi unatikisika kidogo, na nikiegemeza kitako cha simu kwenye kipande cha sponji ngumu juu ya dashibodi picha inatulia zaidi. Dashibodi ikiwa ndani ya fremu, zima kile kipengele cha simu cha kutuliza picha. Gari likikata kona, simu inajaribu kuzuia mzunguko huo, na kwenye video dashibodi inaonekana inaelea.

Mwako wa dashibodi kiooni niliumaliza kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Filta ya polaraiza nayo inasaidia kioo cha mbele. Kwenye vioo vya mlangoni inatoa madoa ya rangi rangi, kwa sababu vioo hivyo vimekazwa kwa joto kiwandani. Huko navua filta na kusogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, kwani ikigusa inabeba mtetemo wote.

Sauti stendi haiwezi kukusaidia. Mlimani gari likiwa gia ndogo injini inameza maneno. Nabana maiki kifuani, mbali na mkanda usije ukaikwaruza, napandisha vioo na kuzima feni. Maelezo marefu nayarekodi tukishaegesha.

Nyota tatu kati ya tano. Ningeipa nne kama kitasa cha kukazia kisingekuwa cha plastiki. Changu kimeshapata ufa.