Uzoefu wangu na data huria ya seli 124: kukadiria uhai wa betri mapema

Nilipakua data hii kwa sababu sikuwa na miezi ya kusubiri seli zife ndipo nijue zingeishi muda gani. Ilitolewa mwaka 2019 na watafiti wa MIT, Stanford na Taasisi ya Utafiti ya Toyota, nayo ina rekodi za seli 124 za litiamu na fosfeti ya chuma, kila moja ya ampea-saa 1.1. Zilichajiwa haraka kwa taratibu mbalimbali, zikatolewa chaji kwa utaratibu mmoja, mpaka uwezo uliposhuka hadi asilimia 80. Nyingine zilifika hapo baada ya mizunguko 150 hivi, nyingine baada ya takribani 2,300.

Nilianza kwa kuangalia uwezo wa kila seli kwenye mzunguko wa 100, nikitaraji zile dhaifu zijitokeze. Hazikujitokeza, nyingi zilikuwa na uwezo mkubwa kidogo kuliko mwanzoni. Dalili imo katika umbo la mkunjo wa kutoa chaji: unachukua chaji iliyotoka kwa kila volti kwenye mzunguko wa 100, unatoa ile ya mzunguko wa 10, kisha unapima mtawanyiko wa tofauti hizo.

```python
x = np.log10(np.var(Q100 - Q10))
```

Seli itakayoishi sana huacha mstari ulio karibu na sifuri, ilhali ya kufa mapema huonyesha bonde. Maelezo ya watafiti yaliniridhisha: elektrodi ya grafiti hutengenezwa kubwa kuliko inavyohitajika, hivyo sehemu yake ikiharibika uwezo haupungui mara moja, bali volti ndizo husogea kwanza.

Hapa nilipoteza siku mbili kwa kosa langu mwenyewe. Nilitoa safu ghafi za chaji iliyotoka, `Qd`, moja kwa moja, nikasahau kwamba vipimo vya mizunguko miwili havikuchukuliwa kwenye volti zilezile. Nikapata mabonde kila mahali, hata kwa seli imara. Safu inayofaa ni `Qdlin`, iliyokwisha kupangwa kwenye volti 1,000 za pamoja.

Modeli bora ya watafiti, inayozidisha vipimo kama hicho kwa vigawo ili kukadiria idadi ya mizunguko, hukosea kwa wastani wa asilimia 9.1. Maana yake, seli iliyokadiriwa mizunguko 1,000 imebakiza kama 900 baada ya ile 100 ya majaribio, ikiwa na uwezekano wa kupungua au kuzidi kwa tisini hivi. Kwangu hiyo yatosha kuchambua seli, ila singeitumia kuandika dhamana.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu seli zote ni za aina moja na zilikaa kwenye chumba cha nyuzi 30. Nilipozipima seli zangu za nikeli, manganizi na kobalti kwa vigawo vilevile, makadirio hayakuwa na maana yoyote. Sasa naziendesha kadhaa mpaka zife, ili nipate vigawo vyake.