Eti "ongezeni LIMIT": uzoefu wangu na huduma ya kuuliza mafaili palepale yalipo

"Dada, ongezeni tu LIMIT." Hilo ndilo jibu nililopata kwa kijana wa huduma kwa wateja, baada ya kusubiri kwenye simu mpaka chai ikapoa, na mkononi nina bili inayokaribia nusu milioni ya shilingi. Kwa asiyejua, LIMIT ni neno unaloweka mwishoni mwa swali la SQL, lugha ya kuulizia data, ili mashine ikuonyeshe mistari michache tu ya jibu. Swali letu lilikuwa linahesabu na kujumlisha kwa mtaa: Kayole mstari mmoja, Umoja mstari mmoja, Donholm mstari mmoja. Jibu zima halikufika mistari hamsini. LIMIT ingepunguza nini hapo? Ili uhesabu ni lazima usome kwanza, na huduma hii hailipishi kwa unachoonyeshwa. Inalipisha kwa ilichosoma. Mtu wa kampuni yenyewe hajui hilo, halafu ananiita dada kwa sauti ya kumwelekeza mtoto dukani!

Nieleze tunafanya nini. Kampuni yetu inasambaza mizigo kwa bodaboda hapa Nairobi, madereva kama 3,000, na kila pikipiki ina traka inayotuma mahali ilipo kila sekunde 5. Kwa saa 14 za kazi, hizo ni rekodi milioni 30 kwa siku. Zote zilikuwa zinaangukia kwenye hifadhi ya wingu kama mafaili ya CSV, safu 22 kila mstari, na za mwaka mzima zilikuwa zimefika terabaiti 2. Mtu wa mauzo alikuja ofisini, akachora mviringo ubaoni, akasema hilo ndilo ziwa la data: tupeni kila kitu humo jinsi kilivyo, mtauliza mtakavyo, hakuna kupakia, hakuna seva ya kutunza. Bei ni dola 5 kwa kila terabaiti inayosomwa. Ilisikika rahisi, na kwa haki yake, maneno yote yalikuwa kweli. Aliyaacha tu yale mengine.

Aliyoyaacha ni haya. Faili la CSV ni maandishi matupu, mstari baada ya mstari, vitu vimetenganishwa kwa koma. Ukitaka safu ya mtaa peke yake, mashine haina njia ya kuruka zile 21 nyingine, maana haijui koma ya nne ya mstari iko wapi mpaka iusome huo mstari. Ukitaka siku moja tu, vilevile: tarehe iko ndani ya mstari, kwa hiyo itafungua mstari wa Januari ili igundue kwamba si wa leo. Swali letu lilikuwa dogo kabisa, ni mitaa gani pikipiki zimesimama muda mrefu leo. Safu tatu, siku moja. Kila lilipoulizwa lilisoma terabaiti 2 zote, yaani dola 10.

Dola 10 si kitu, utasema. Sasa weka swali hilo kwenye dashibodi inayojionyesha upya kila dakika 15. Hiyo ni mara 96 kwa siku, dola 960. Iache ikijiendesha wikendi ndefu ya Pasaka, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, ofisi imefungwa na watu wako ushago. Mhasibu wetu aliporudi aliniletea karatasi na kuuliza, "Hii ni bili ama ni mkopo tumechukua?"

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba huduma hiyo ina kikomo. Unaweza kuiamuru ikate swali lolote linalovuka, tuseme, gigabaiti 50, na swali letu lingekatwa mara ya kwanza tu. Kikomo hicho kiko ndani ya mipangilio ya kundi la watumiaji, kimezimwa, hakuna anayekuambia kipo, na ukifungua akaunti mpya unaanza bila breki. Nilipomuuliza kijana kwa nini, akajibu, "Huduma ilifanya kazi jinsi ilivyokusudiwa." Kisha akaongeza, na hapa ndipo nilipoweka simu chini kabla sijasema la kunifukuzisha kazi: "Kama mlitaka ghala la data, mngenunua ghala la data."

Nyota moja, basi. Nilikuwa nimeishaandika nyota moja.

Lakini kwa hasira nikaenda kweli kuliangalia hilo ghala. Kwenye ghala hauachi mafaili yako nje. Unayapakia ndani, na wakati wa kupakia kila safu inakaguliwa: mahali pa namba pakiwa na neno, mstari unakataliwa hapohapo. Kisha ghala linapanga data kwa namna yake, safu kwa safu, na kujiandikia nini kiko wapi, hivyo swali la siku moja haligusi mwaka mzima. Mengine hulipisha kwa muda wa mashine badala ya ukubwa wa kilichosomwa. Dashibodi yetu ingelifanya liwe zito tu, wala isingetufilisi. Nilikaribia kumwandikia bosi tuhame. Halafu nikapiga hesabu ya kupakia rekodi milioni 30 kila siku, ambazo nyingi zake hakuna mtu atakayeziuliza milele, na kuweka mtu wa kushughulikia kila upakiaji unaokwama kwa sababu traka moja imetuma upuuzi. Nikanyamaza kidogo.

Aliyeniokoa ni mhandisi wetu mmoja, mpole, haongei sana. Aliniambia mafaili yabaki kwenye ziwa ila yabadilishwe umbo kuwa Parquet. Ndani ya faili la Parquet mistari hukatwa mafungu makubwa, na katika kila fungu thamani za safu moja hukaa pamoja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mwishoni mwa faili kuna kama faharasa: inasema kila safu inaanzia wapi, na mara nyingi pia thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila fungu. Mashine inasoma mkia huo kwanza, halafu inaomba kwa hifadhi vile vipande inavyovihitaji tu. Na kwa kuwa majina ya mitaa yanakaa pamoja yakijirudia, hubanwa vizuri mno. Terabaiti zetu 2 zilishuka hadi kama gigabaiti 240.

La pili alilofanya ni kugawa mafaili kwa folda za siku, jina la folda likibeba tarehe yenyewe:

```
traka/siku=2025-03-04/
```

Ukiuliza siku hiyo, mashine haifungui folda nyingine hata moja. Siku moja nzima ni kama megabaiti 660, na safu zetu tatu humo ni kama megabaiti 90. Swali lilelile la dola 10! Sasa ukiliuliza mara 1,000 hutumii hata nusu dola, na linajibu kabla sijavuta kiti. Wallahi nilicheka peke yangu ofisini. Mashine hii ni nzuri. Inakera kwamba ni nzuri.

Tahadhari mbili kwa atakayefuata njia hii, kwa sababu zote mbili hazileti kosa lolote kwenye kioo. Ya kwanza: kugawa folda kunasaidia tu kama swali linaitaja safu ya folda yenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika hivi:

```sql
WHERE date_format(muda, '%Y-%m-%d') = '2025-03-04'
```

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, ila `muda` ni safu iliyo ndani ya mafaili, si jina la folda, kwa hiyo mashine ilipitia mwaka wote kuikagua. Ukiandika `siku = '2025-03-04'` inaenda folda moja. Namna ya kujua ni kutazama kile kijinamba kidogo kinachotokea karibu na jibu kikisema kiasi kilichosomwa. Mimi sasa nakitazama kabla ya jibu lenyewe.

Ya pili ni ya kwetu Afrika Mashariki. Traka huandika saa za UTC na folda zilikatwa kwa saa hizo, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Safari ya saa nane usiku wa kuamkia Jumanne hapa Nairobi imelala kwenye folda ya Jumatatu. Ukiuliza folda ya Jumanne peke yake unapoteza usiku huo kuanzia saa sita hadi saa tisa, na badala yake unaokota usiku wa kuamkia Jumatano. Madereva wa usiku ndio walioligundua, walipoona safari zao hazilingani na malipo, na walikuwa sahihi. Dawa ni kuomba folda zote mbili kisha kuchuja kwa `muda` uliosogezwa saa tatu. Unasoma mara mbili zaidi, megabaiti 180 badala ya 90, jambo ambalo kwa bei hii hata sijali.

Kwa hiyo nyota ngapi? Jana ningesema nne. Leo asubuhi nimepata barua pepe kwamba ombi letu la kupunguziwa bili limefungwa kwa sababu "mteja amepewa ushauri wa kitaalamu." Ushauri gani? Ile LIMIT? Nimelifungua upya, nikaambatanisha swali letu kwa yale mafaili ya zamani ya CSV, likiwa na LIMIT 10 mwishoni, na picha ya kioo inayoonyesha terabaiti 2 zimesomwa vilevile. Picha hiyo imenigharimu dola 10 nyingine na nimezilipa kwa furaha.

Dashibodi inaendelea kutumia huduma hiyo, na kikomo chake sasa ni gigabaiti 5 kwa swali. Rekodi za malipo ya madereva, ambazo hatuwezi kuvumilia safu iliyopotoka, tunazihamishia ghalani mwezi huu, kwa kampuni nyingine. Nyota nimeweka mbili kwa sasa. Wakijibu ombi langu nitakuja kubadilisha, juu au chini.