Pampu ya sola kwa kisima cha Malindi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ubavuni mwa pampu nyingi za sola zinazouzwa Malindi kuna namba mbili kubwa: inapandisha maji mita 60, inatoa lita 3,000 kwa saa. Zote mbili ni za kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja. Mita 60 ni pale ambapo maji yanakoma kutoka kabisa, na lita 3,000 ni pale pampu isipopandisha maji hata kidogo. Shamba lako liko baina ya hizo mbili, na ni lazima upime kisima ndipo ujue ni wapi.

Tuchukue kisima kimoja cha mfano upande wa Ganda: kimechimbwa kwa mkono, kipenyo mita 1.2, kina mita 14.5, na kinamwagilia nusu ekari ya mchicha, bilinganya na nyanya kwa mipira ya matone. Kwa kisima cha namna hii tunashauri jambo ambalo muuzaji halipendi sana: nunua pampu ndogo kuliko unayoitamani, na paneli kubwa kuliko ulizoambiwa zinatosha.

Kisima kinatoa kiasi gani

Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Wakati wa kaskazi, mboga zilizokomaa huhitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo shamba linataka lita 10,000. Jua kali la siku nzima ukilijumlisha unapata kama saa 5 za nguvu kamili. Gawanya, unapata lita 2,000 kwa saa, na hapo ndipo wengi hutoa pesa.

Kisima hakijaulizwa bado. Azima pampu ya kuzamisha na jenereta, shusha maji mita 2, zima, kisha teremsha kamba yenye fundo kila sentimita 10 na uone yanavyopanda kwa saa moja. Fanya hivyo mwezi wa Machi, kabla ya masika, kwa sababu kisima kilichojaa mwezi wa Juni hakikwambii kitu. Katika mfano wetu maji yalipanda mita 1.1. Kwa kipenyo cha mita 1.2, kila mita ya maji ni lita 1,130, hivyo kisima kinaingiza kama lita 1,240 kwa saa.

Pampu ya lita 2,000 inakizidi kisima kwa lita 760 kila saa. Akiba ya zile mita 2 ni lita 2,260, nayo itamalizika kwa saa 3 hivi, jua likiwa bado utosini. Pampu ya lita 1,500 inakizidi kwa lita 260 tu, ikifanya kazi saa 7 inatoa lita 10,500, na kisima kinapata usiku kucha kujaza tena. Maji huingia polepole zaidi kisima kikikaribia kujaa, kwa hiyo hesabu hii inakipendelea kidogo kisima chetu. Ni sababu nyingine ya kutoongeza ukubwa wa pampu.

Kwa visima vilivyo karibu na bahari, kuanzia Mambrui hadi upande wa Watamu, kuna sababu nzito zaidi. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa nguvu chumvi ya chini inapanda kuja kwenye pampu. Pima maji kwa kipima chumvi kabla ya kuwasha na tena baada ya saa 3 za kuvuta. Namba ikiwa inapanda, pampu ni kubwa mno au imening'inizwa chini mno. Nyanya huanza kupunguza mazao chumvi ya maji ikipita 1.7 dS/m. Maharagwe hayafiki huko, huanza kulalamika kwenye 0.7.

Mwinuko

Usianzie kina cha kisima. Anzia uso wa maji pampu ikiwa inavuta, kwa sababu maji yaliyo juu ya pampu hayahitaji kupandishwa hadi usawa wao. Maji yetu mwezi wa Machi yako mita 11 chini ya ardhi, na yakivutwa hushuka mita 2 zaidi: 13. Ardhi kutoka kisimani hadi kwenye tangi inapanda mita 3. Mdomo wa tangi uko mita 4 juu ya ardhi. Jumla mita 20.

Kisha paipu nayo inakula haki yake. Kwa mita 80 za paipu ya milimita 32, lita 1,500 kwa saa hupoteza kama mita 2. Ukiweka ya milimita 25 kwa kuwa ni rahisi, unapoteza zaidi ya mita 6, na utailipia tofauti hiyo kila siku kwa maji ambayo hayakufika. Kwa milimita 32, mwinuko wote ni mita 22. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani: lita 1,500 kwa saa, kwa mita 22.

Paneli

Zidisha mita za ujazo kwa saa, mita za mwinuko, na 2.725, upate wati zinazoingia kwenye maji yenyewe:

```
1.5 x 22 x 2.725 = 90 W
90 / 0.35 = 257 W
257 / 0.75 = 343 W
```

Mstari wa pili ni kwa sababu pampu ndogo na mota yake hugeuza kama asilimia 35 tu ya umeme kuwa maji yanayopanda. Wa tatu ni joto la pwani, vumbi na ukungu wa chumvi, ambavyo huacha kama robo tatu ya wati zilizoandikwa kwenye paneli. Fundi atakayekwambia wati 350 zinatosha hajakosea, ila paneli zake zitaendesha pampu kwa kasi kamili adhuhuri tu. Sisi tunataka saa 7, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, na saa tatu jua lina nguvu kama sita kwa kumi ya lile la saa sita. Gawanya 343 kwa 0.6: nunua wati 550 hadi 600.

Tazama volti kabla ya wati. Nyuma ya kila paneli kuna namba ya `Voc`, yaani volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Paneli mbili za `Voc` 38 zikiunganishwa mfululizo hutoa 76, na kontrola, kile kisanduku kinachoendesha pampu, ikiwa na kikomo cha volti 100 inazibeba bila shida. Paneli moja kubwa ya `Voc` 50 haiwezi kuamsha kontrola inayoanzia volti 60, hata ikiwa na wati zote duniani. Ziinamishe nyuzi 10 hivi kuelekea kaskazini ili mvua izioshe, na ziwe mbali na minazi. Kivuli cha kuti moja hupunguza umeme wa paneli nzima, na nazi ikianguka haichagui pa kutua.

Mpangilio wetu kwa kisima hiki

Ya kwanza ni pampu ya kuzamisha ya skrubu, yenye mota isiyo na brashi. Inapandisha maji hata ikizunguka polepole, kwa hiyo mawingu hupunguza maji bila kuyakata. Ila ina masharti mawili. Mchanga unasaga mpira wake wa ndani, basi kisima kinachotoa maji ya udongo hakiifai. Na usiiwashe kamwe valvu ikiwa imefungwa, kwa sababu itaendelea kusukuma hadi paipu ipasuke au pampu ife. Hata boya la kufunga maji kwenye mdomo wa tangi ni hatari kwake. Badala yake, swichi ya boya ya tangini iunganishwe na kontrola ili pampu yenyewe izimwe tangi likijaa.

Ya pili ni ya kuzamisha yenye mapangaboi kadhaa. Ni rahisi kidogo kwa bei, inavumilia mchanga zaidi, na kwa kisima chenye mchanga inapanda nafasi ya kwanza. Kasoro yake ni asubuhi: kasi ikipungua nusu, uwezo wake wa kupandisha unabaki robo, hivyo pampu inaweza kuzunguka na tangi lisipate hata tone. Chagua ambayo mita 22 ziko katikati ya uwezo wake, si karibu na kikomo.

Ya tatu, pampu ya juu ya ardhi, inafaa pale tu maji yapo ndani ya mita 6, kama kando ya mto Sabaki. Kwa kisima chetu chenye maji mita 11 chini haitavuta, na hakuna fundi atakayeibadilisha hiyo. Ya nne ni pampu ya umeme wa kawaida yenye inveta, ambayo ina maana kwa ekari kadhaa, au kama pampu tayari unayo. Ya mwisho ni pampu ndogo ya utando ya volti 12 au 24, nzuri kwa kuku na matumizi ya nyumbani.

Kinga ya pampu kuishiwa maji

Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha. Skrubu ikizunguka bila maji inaunguza mpira wake kwa muda mfupi sana, na dukani utaambiwa dhamana haihusiki.

Kwa kisima kipana tumia swichi ya boya. Vijiti viwili vya kuhisi maji ni vya visima vyembamba vya mashine, na huku pwani ukoko wa chumvi hujenga daraja kati yake, kontrola ikadhani maji yapo. Kinga inayosoma umeme wa mota peke yake haitoshi, maana wingu nalo hupunguza umeme. Ning'iniza pampu mdomo wake ukiwa mita 14, na boya lizime maji yakishuka hadi mita 13. Weka kontrola isubiri dakika 30 kabla ya kuwasha tena. Kwa kisima chetu, muda huo unarudisha kama nusu mita ya maji.

Kosa tunaloliona zaidi ni dogo la kushangaza. Kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kijiwaya kinachounganisha sehemu mbili za swichi ya kisimani, ili pampu iweze kuwaka hata bila swichi. Fundi asipokitoa, boya linaning'inia tu kama pambo. Siku ya kufunga, pampu ikiwa inazunguka, mwambie avute waya wa boya hadi lining'inie nje ya maji, kana kwamba maji yameshuka. Isipozima, usilipe salio.

Kabla hajaondoka, shika ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa tangi saa sita mchana. Ndoo ijae kwa sekunde 48. Ikichukua 60 au zaidi, kagua kwanza kivuli kwenye paneli, kisha kipenyo cha paipu na viungo vinavyovuja, na mwisho kama pampu inazunguka kinyume. Kwenye pampu za nyaya tatu, kubadilisha nyaya mbili zozote kunatosha kurekebisha hilo.